Nyota ya Babu: Kuzungumza na Mtoto wa Miaka 6 Baada ya Kitabu cha Kuondokewa

*Assalaam alaykum. Mwanangu wa kike ana miaka 6. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi Matondoni, alifariki miezi miwili iliyopita, na mama yangu yuko eda nyumbani kwetu hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Nilimsomea mwanangu Mwana Mdogo wa Mfalme usiku baada ya usiku, nikidhani kitamliwaza. Tangu tulipokimaliza, kila jioni huuliza nyota ya babu ni ipi. Asubuhi humlilia baba yake asiende kazini, naye ni nahodha wa boti ya abiria ya Mokowe. Kitabuni nyoka ndiye anayemrudisha mwana mdogo kwenye nyota yake, na juzi ameniuliza kama nyoka wa hapa kwetu pia anaweza kumpeleka kwa babu. Je, nilikosea kumsomea? Nimwambie nini?*

Waalaykum salaam dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Nitaanza na nyoka, kwa kuwa mengine yanaweza kungoja kesho au keshokutwa, lakini hilo linafaa lisemwe leo, kungali na mwanga. Mkae pale mnapokaa kila siku, usimwite kwa sauti ya jambo zito, kisha mwambie maneno yasiyofunikwa: "Uliniuliza habari za nyoka. Nyoka hampeleki mtu popote. Sumu yake huingia mwilini, mtu akaumia sana, na asipotibiwa anaweza kufa. Mtu akifa harudi tena nyumbani. Ukimwona nyoka, kaa mbali naye na uite mtu mzima. Mtu akiumwa na nyoka, tunamkimbiza hospitali." Ukishamaliza, muulize: "Uliponiuliza, ulikuwa unataka kuwe nini?" Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Watoto wengi wa umri huo hujibu kwamba walitaka kumwona babu, au kumpelekea kitu chake alichokiacha, kisha warudi nyumbani kula. Mtoto anayejibu hivyo hataki kufa. Anataka kwenda na kurudi, kwa sababu amefahamu kwamba huko kuna njia ya kwendea na ya kurudia. Jibu lake linahitaji kusahihishwa, wala lisikutie hofu. Hali ni nyingine ikiwa anasema anataka kufa hata mnapozungumza mambo yasiyohusu kitabu, ikiwa anatafuta nyoka vichakani, ikiwa anagawa vitu vyake, au ikiwa anarudia ombi hilo hata baada ya kuelezwa kwamba nyoka huua. Hapo usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo umpeleke kwa daktari, umweleze maneno ya mtoto kama alivyoyatamka.

Kuhusu kukosea, hukukosea. Hata hivyo, kitabu hicho kina jambo ambalo msomaji mzima hulipita bila kulihisi, ilhali mtoto wa miaka 6 hujikwaa nalo. Antoine de Saint-Exupéry alikichapisha mwaka 1943, naye alieleza mwisho wa mwana mdogo, mtoto aliyekuja duniani akaliacha ua lake alipendalo katika nyota yake ndogo, kwa lugha mbili kwa pamoja. Lugha ya kwanza ni ya nyoka. Katika sura ya 17 nyoka anamwambia mwana mdogo kwamba yeye anaweza kumchukua mbali kuliko meli, na kwamba kila amgusaye humrudisha katika ardhi aliyotoka. Mimi na wewe tukisoma maneno hayo tunakumbuka aya ya 55 ya Sura Taha, ile isemayo kwamba kutokana na ardhi tumeumbwa na humo tutarudishwa, na papo hapo tunajua kinachozungumzwa ni kifo. Mwanao, ambaye babu yake alijenga majahazi, amesikia kwamba kuna chombo kiendacho mbali kuliko jahazi la babu.

Lugha ya pili ni ya mwana mdogo mwenyewe. Katika sura ya 26 anamwambia rubani, rafiki yake ambaye ndiye anayesimulia kitabu, kwamba ataonekana kama amekufa, lakini haitakuwa kweli. Kwamba kwao ni mbali mno, na mwili ni mzito, hawezi kuuchukua. Kwamba mwili utabaki kama gamba kuukuu lililoachwa, na magamba makuukuu hayahuzunishi. Kisha unaonekana mmweko wa manjano karibu na kifundo cha mguu, naye anaanguka taratibu kama mti, bila kishindo, kwa sababu ya mchanga. Katika sura ya 27 rubani anasema anajua kwamba mwana mdogo alifika kwao, kwa kuwa kulipopambazuka hakuuona mwili wake. Na ukurasa wa mwisho kabisa unamwomba msomaji kwamba, siku akimwona mtoto huyo amerudi, amwandikie rubani haraka.

Sasa viweke vituko hivyo kando ya yale mwanao aliyoyaona miezi miwili iliyopita. Babu alitoka nyumbani juu ya jeneza, amefunikwa, mabegani mwa wanaume. Yeye alibaki ndani pamoja na wanawake, hakuona kaburi likichimbwa wala likifukiwa. Kwa hiyo kwake yeye pia mwili haukuonekana. Halafu akasikia watu wazima wakiambiana kwamba mzee ametutoka, ametangulia, amekwenda mbele ya haki. Hata neno tunalolitumia kwa heshima zaidi, kufariki, asili yake ni neno la Kiarabu la kuachana na kufarakana. Haya ni maneno mazuri na yana adabu yake, wala sikuambii uyaache. Lakini yote ni maneno ya safari, na mtoto alikwisha kuyabeba kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kitabu kilikuja kuyathibitisha, kikampa na chombo cha safari, ambacho ni nyoka, na mahali pa kufikia, ambapo ni nyota.

Ndiyo maana analia baba yake akishuka kwenda botini. Ikiwa kufa ni kuondoka, basi kila anayeondoka huenda anakufa, na baba huondoka kila asubuhi kwa chombo cha baharini. Usilichukue hilo kuwa ni tabia mpya inayohitaji kukemewa. Ni fikra moja tu, nayo imepangwa vizuri kwa akili ya miaka 6, isipokuwa msingi wake ndio uliokosewa. Rekebisha msingi na kilio kitapungua chenyewe, ingawa si kwa siku moja.

Mwaka 1948 mtafiti wa saikolojia aitwaye Maria Nagy alichapisha majibu ya watoto wa Hungaria wa miaka 3 hadi 10 aliowauliza kifo ni nini. Aliona kwamba wadogo zaidi hukielewa kifo kama kuondoka au kulala: aliyekufa yupo mahali, anaishi maisha yaliyopungua, na huenda akarudi. Watafiti waliofuata waliona kwamba watoto wengi huanza kupata maana kamili kati ya miaka 5 na 7, na kwamba maana hiyo haiji kwa mkupuo mmoja. Mtoto anapaswa kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kwamba mwili wake umeacha kazi zote, hausikii njaa, baridi wala maumivu. Kwamba kila kilicho hai hufa. Na kwamba kifo kina sababu inayotoka mwilini, hakiletwi na neno baya wala mawazo ya mtu. Mwanao yuko katikati kabisa ya umri huo. Anaweza kulijua moja na asilijue jingine, na kwa maelezo yako nadhani anayokosa ni mawili ya kwanza.

Nasema nadhani, kwa sababu hatujamuuliza. Hapa ndipo wazazi wengi wenye mapenzi hukosea: wanaanza kueleza kabla ya kujua mtoto ameelewa nini. Swali la "umeelewa?" halisaidii, kwani mtoto aliyelelewa kwa adabu atasema ndiyo. Mwambie badala yake kwamba unataka yeye akusimulie kitabu, kana kwamba shangazi yake hajakisikia, na umpe karatasi na kalamu za rangi achore mwisho wake. Usimsahihishe akiwa anasimulia. Akisimama, uliza maswali mafupi yanayokaa ndani ya hadithi, kwa sababu ni rahisi kwa mtoto kusema mambo mazito juu ya mwana mdogo kuliko kuyasema juu ya babu: nyoka alipomgusa, kilitokea nini kwa mwili wake? Sasa hivi yuko wapi? Anakula? Anaweza kurudi? Rubani anajuaje?

Nikupe mfano wa mazungumzo ya namna hiyo, yanavyoweza kwenda. Mtoto anachora nyota kubwa, kitoto chini yake na kitu kirefu cha manjano. "Huyu anampeleka," anasema. Wewe unasema: "Anampeleka wapi?" "Nyumbani. Kwa ua lake." "Akifika atakuwa na mwili wake?" Hapo mtoto husita. Huenda akasema, "Atapewa mwingine," au, "Mwili alimwachia rubani." Kusita huko ndiko unakokutafuta, kwa sababu ni pale akili yake inapokutana na jambo ambalo hadithi haikulifunga. Unaendelea taratibu: "Mimi ninavyosoma, nyoka alimuuma na mwana mdogo akafa. Yeye alimwambia rubani kwamba hatakuwa amekufa kweli, kwa sababu alimpenda na hakutaka rafiki yake ahuzunike. Rubani naye alitamani sana iwe hivyo. Unaona alivyoomba mwishoni aandikiwe? Mtu anaomba hivyo akiwa amemkosa rafiki yake." Maneno haya hayaiharibu hadithi. Yanamwonyesha mtoto kwamba anayezungumza pale ni mtu mwenye huzuni, na kwamba mtu mwenye huzuni hutamani mambo ambayo hayatakuwa. Huenda akajibu jambo litakalokuuma moyo, kwa mfano, "Kama mimi." Ukijibiwa hivyo, usikimbilie kueleza zaidi. Mkumbatie, na umwambie, "Ndiyo, kama wewe, na kama mimi."

Kutoka hapo daraja la kwenda kwa babu ni fupi, nawe ulivuke siku hiyo hiyo au inayofuata. Tumia neno kufa. Najua linavyokwaruza ulimini ukilisema juu ya baba yako mzazi, na katika nyumba zetu litasikika kama ukosefu wa adabu, kwa hiyo waeleze mapema mama yako na wengine kwamba mtoto anahitaji kulisikia mara chache ili ayaelewe yale maneno ya heshima. Sema: "Babu alikufa. Moyo wake uliacha kupiga, akaacha kupumua, na madaktari hawakuweza kuufanya upige tena. Mwili wake ukaoshwa, ukavishwa sanda, ukazikwa makaburini. Mwili huo hausikii maumivu wala baridi. Babu hakusafiri. Hatarudi hapa nyumbani. Baba anaposhuka kwenda Mokowe anasafiri, naye hurudi jioni. Kusafiri na kufa ni vitu viwili." Litaje pia gonjwa lililomuua, kwa jina lake, na useme kwamba lilikuwa zito sana. Ukisema tu kwamba aliugua, kesho mtoto atakuogopea wewe ukipiga chafya.

Kwa baba yake, ongeza jambo moja dogo la vitendo. Kabla hajatoka amwambie binti yake atarudi saa ngapi kwa alama anayoiona mwenyewe, kama vile baada ya adhana ya magharibi, na akichelewa apige simu. Asimwahidi kwamba yeye hatakufa kamwe. Akiulizwa, aseme: "Watu wote hufa siku moja, na wengi hufa wakiwa wazee sana. Mimi ni mzima, boti yangu naikagua kila siku, na ninatarajia kukuona ukikua." Ahadi ambayo mtu hana uwezo wa kuitimiza mtoto huja kuitambua, na ikitambulika huondoka na imani yake katika maneno mengine pia.

Sasa utaniuliza, na roho je? Sisi tunasema *Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun*, na kurejea ni kurejea. Je, kwa kumwambia mtoto kwamba babu hakusafiri sipingani na yale anayofundishwa chuoni? Hupingani, ikiwa utayaweka mambo mawili katika sentensi mbili. Mwili ulikufa na umezikwa, na hilo ndilo la kumweleza kwanza. Roho ya babu iko kwa Mwenyezi Mungu, nasi tunamwombea dua. Hili la pili lieleze kwa maneno ya mwalimu wake na ya bibi yake, wala usiliongezee nyota, mawingu au magari ya angani kwa kutaka kulipamba. Kwa mtoto wa miaka 6 pambo hugeuka kuwa ramani.

Wala usihofu kwamba akili yake haitabeba yote mawili. Mwaka 2005 Paul Harris na Marta Giménez walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Madrid wa miaka 7 na 11, waliosimuliwa kisa cha mzee aliyekufa, mara katika maneno ya daktari, mara katika maneno ya padri. Katika kisa cha daktari watoto walielekea zaidi kusema kwamba kila kitu kimekoma. Katika kisa cha padri walielekea kusema kwamba kuna kinachoendelea. Miaka mitatu baadaye Harris na Rita Astuti walionyesha jambo linalofanana kwa Wavezo, wavuvi wa pwani ya magharibi ya Madagaska, ambao huujua vizuri mwisho wa mwili na bado huzungumza na wahenga wao. Watu hubeba elimu ya mwili na imani ya roho bila moja kuifuta nyingine. Tatizo la mwanao ni kwamba alipewa picha moja tu, ya safari, ikafanya kazi ya zote mbili.

Mkishayasema haya, msiiweke riwaya kabatini. Kuna sehemu yake inayofaa kurudiwa, nayo si ile ya mwisho. Rudini sura ya 21, ya mbweha, mchana, kwa dakika kumi au kumi na tano. Mbweha anamfundisha mwana mdogo maana ya kuzoeana, kisha saa ya kuagana inafika na mbweha anasema atalia. Mwana mdogo anamwambia kwamba basi hakupata faida yoyote. Mbweha anajibu kwamba amepata, kwa sababu ya rangi ya ngano. Mbweha hali mkate, na mashamba ya ngano hayakumwambia kitu hapo awali, lakini kwa kuwa nywele za mwana mdogo zina rangi ya dhahabu, kuanzia sasa akiiona ngano atamkumbuka. Angalia jinsi sura hii ilivyo tofauti na ile ya 26. Mbweha hakatazwi kulia, haambiwi kwamba rafiki yake yuko mahali akimtazama, wala hangojei arudi. Anabaki na kitu cha hapa duniani ambacho kimebadilika kwa sababu alipenda.

Kwetu hakuna mashamba ya ngano, kwa hiyo mtoto atafute ngano yake. Muulize: "Mbweha akiona ngano humkumbuka mwana mdogo. Wewe ni kitu gani kikikutokea unamkumbuka babu?" Usimpe jibu, hata kama unalo. Wewe labda unafikiria tezo lake au kofia yake, naye atakutajia harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, ambayo wewe hukuwahi kuyapenda. Kilicho muhimu ni kwamba akichague mwenyewe na kiwe kitu anachoweza kukutana nacho bila kusafiri. Akikitaja, mfanye jambo nacho: mshuke pwani mkainuse, au baba yake amletee kipande cha mti kutoka kwa mafundi wa Matondoni. Kwa njia hii swali la kila jioni, la nyota ya babu, linapata mahali pa kuhamia. Akiuliza tena nyota ni ipi, jibu kwa upole: "Babu hayuko katika nyota. Nyota zilikuwa za mwana mdogo na rubani. Sisi tuna harufu ya sifa." Akipenda kuzitazama nyota kwa ajili ya uzuri wake, mwache azitazame, na ukae naye.

Kosa langu mwenyewe ndilo lililonifundisha kuwa mkali juu ya neno safari. Nilipokuwa ningali mwalimu wa chekechea, mtoto mmoja alifiwa na baba, na mbele yake nikasema kwamba baba yake amesafiri safari ndefu. Nilidhani namwondolea uzito. Kwa wiki kadhaa kijana yule alikataa kukaa mbali na dirisha la darasa, na siku ya mvua kubwa aliniuliza kama baba atapata chombo cha kurudia. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kuyafuta maneno yangu ya kwanza, na kuyafuta kulimuumiza zaidi kuliko ambavyo ukweli ungemuumiza siku ile ya mwanzo. Wewe bado hujafika huko, umeuliza mapema.

Utajuaje kwamba mazungumzo yanafanya kazi? Usitazame machozi, kwa kuwa huenda yakaongezeka mwanzoni, na hilo si dalili mbaya: mtoto aliyekuwa anangoja sasa anaomboleza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mweleze mwanao hivyo akiona aibu kulia. Tazama maswali yake. Mtoto anayeelewa huacha kuuliza "atarudi lini?" na kuanza kuuliza mambo ya mwili na ya mahali: je, kaburini kuna giza, nani alimwosha, mimi nikifa wewe utakuwa wapi? Maswali haya yatakushtua kuliko yale ya nyota, lakini ndiyo maendeleo. Yajibu kwa sentensi moja au mbili, usubiri. Atauliza lile lile mara tano, wakati mwingine akiwa anacheza, na baina ya maswali atacheka na kudai maandazi. Usidhani hajali. Watoto wa umri wake huingia katika huzuni na kutoka, kama mtu apimaye maji kwa mguu. Huenda pia ukamkuta akizika mwanasesere wake uani. Mwache azike, na akikualika, hudhuria.

Kinachopaswa kukusumbua ni mambo yanayodumu. Ikiwa baada ya wiki nne au sita za mazungumzo haya bado hawezi kuachana na baba yake asubuhi hata kidogo, halali usiku baada ya usiku, amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, amekataa chakula na michezo, au anasema babu alikufa kwa sababu yake, tafuta msaada wa daktari wa watoto au mshauri wa saikolojia. Hilo la mwisho, la kujilaumu, liulize wewe mwenyewe bila kungoja alitamke, maana watoto hulificha: "Watoto wengine hudhani mtu alikufa kwa sababu walimfanyia kitu. Wewe uliwahi kufikiri hivyo?" Mwanao anaweza kuwa na siku moja aliyokataa kumpelekea babu maji, nayo imekaa kifuani mwake tangu hapo.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kitabuni, nalo linaweza kuyabomoa yote mliyoyajenga. Mama yako yuko eda, na eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Mjukuu wake anamwona bibi amekaa ndani, hajipambi, hatoki, na watu wazima wanahesabu siku. Kwa mtoto aliyesikia kwamba babu ameondoka, bibi anayekaa ndani akihesabu siku ni bibi anayengoja. Siku eda itakapokwisha bibi ataoga, atabadili nguo, atanukia udi, na wageni wataingia, na kuna hatari ya kweli kwamba mtoto atakwenda kusimama mlangoni. Mwambie mapema, walau wiki moja kabla, na bibi mwenyewe awepo: "Bibi hamngoji babu. Anakaa eda kwa sababu babu amekufa, na hivi ndivyo mke anavyoomboleza katika dini yetu. Siku zikitimia bibi atatoka, lakini babu hatakuja." Kisha mpe kazi yake siku hiyo, kumchagulia bibi kanga atakayoivaa, au kumshika mkono atakapovuka kizingiti kwa mara ya kwanza.